Flashi, SAR au sigma-delta: mwongozo kamili wa kuchagua ADC, kuanzia volti 3.30 mpaka mzani wa kilo 50

Wakuu, swali la "nichukue ADC gani", yaani chipu gani ya kugeuza voltiji kuwa namba, halijibiki mpaka ujue kwanza signo yako inabadilika haraka kiasi gani na badiliko dogo kabisa unalotaka kuliona ni volti ngapi. Watu wengi wanaanza na idadi ya biti, wanaona 24 ni kubwa kuliko 10 basi wananunua ya 24, halafu wanashangaa mbona haisomi umeme wa ukutani. Au kinyume chake, mtu anataka kutengeneza mzani kwa kutumia pini ya analogi ya Arduino Uno, anaweka kilo 20 namba haisogei. Chipu zote mbili ni nzima, ila kila moja imepewa kazi ya mwenzake.

Hapa nitachukua voltiji moja tu, 3.30, kwenye skeli ya 0 mpaka 5, niipitishe kwenye aina zote tatu ili uone kila moja inavyofika kwenye jibu, maana ukishaona zinavyofika utajua mwenyewe kwa nini hii ina spidi na ile inachelewa. Baada ya hapo tunapiga hesabu ya mzani wa kilo 50 tangu mwanzo hadi mwisho.

Hatua ya 1: flashi, na kwa nini biti moja zaidi inauma

Flashi haikadirii chochote. Inalinganisha voltiji yako na ngazi zote kwa wakati mmoja. Ya biti 3 ina risista 8 zinazolingana zilizopangwa kwa mstari kutoka 5V hadi graundi, kila kiungo kinatoa voltiji yake: 0.625, 1.25, 1.875, 2.5, 3.125, 3.75 na 4.375. Kila kiungo kina kompareta yake, jumla 7. Ukiingiza 3.30, kompareta tano za chini zinasema "imenipita", mbili za juu zinasema "bado". Saketi ya kuhesabu inatoa 5, yaani 101 kwa mfumo wa biti. Imeisha. Muda uliotumika ni wa kompareta kugeuka pamoja na geti chache za kuhesabu, basi.

Hii unaweza kuijenga mwenyewe kwenye bredibodi na nakushauri uijenge, itakufungua macho. Chukua LM339 mbili (kila moja ina kompareta 4), risista 8 za kilo-om 1, na chipu ya 74HC148 ya kugeuza ngazi kuwa namba. Kuna mambo mawili yanayokwamisha watu hapa. La kwanza, ukiipa LM339 umeme wa 5V pembejeo zake hazifanyi kazi vizuri mpaka juu kabisa, zinaishia kama volti 1.5 chini ya umeme wake, kwa hiyo ngazi ya 3.75 na ya 4.375 zinaweza kukupa majibu ya ajabu. Ipe 12V. Usiogope kuhusu 74HC148 inayotumia 5V, kwa sababu pato la LM339 ni kolekta iliyo wazi, lenyewe halisukumi voltiji juu, wewe ndo unalivuta kwa risista ya kilo-om 10 kwenda 5V, na usipoiweka hiyo risista hutaona kitu. La pili, 74HC148 inasoma pembejeo zikiwa chini, sio juu, kwa hiyo signo yako iunganishe kwenye pini ya minasi ya kila kompareta na ngazi kwenye plasi, hapo pato litashuka signo inapoipita ngazi. Matokeo nayo yanatoka yamegeuzwa, ukiona 010 jua ni 101.

Sasa njoo kwenye gharama. Biti n zinahitaji kompareta 2^n − 1. Biti 8 ni kompareta 255, biti 10 ni 1023, na kwa LM339 hizo ni chipu 256 kwa ajili ya kufikia uwezo wa biti 10 ambao Arduino Uno tayari unao ndani. Na si wingi peke yake: kila ukiongeza biti, nafasi kati ya ngazi na ngazi inakuwa nusu, kwa hiyo kila kompareta inatakiwa iwe sahihi mara mbili zaidi ya mwanzo, na zote zimening'inia kwenye waya uleule wa signo kiasi kwamba kapasitansi ya pembejeo inakua na chanzo chako kinapata shida kuisukuma. Kompareta zisipolingana, moja ya chini inaweza kusema "bado" wakati ya juu yake imeshasema "imenipita", na hapo namba inaruka vibaya kama saketi ya kuhesabu haijaandaliwa kwa hilo.

Ndo maana flashi tupu inakaa kwenye biti 8 kushuka chini, kwenye kazi za mamia ya mamilioni ya sampuli kwa sekunde na kupanda, kama rada na kunasa mapigo mafupi sana. Oskiloskopu nyingi za digitali nazo ni za biti 8, ingawa siku hizi ndani yake mara nyingi utakuta kazi imegawanywa kwa ADC kadhaa zinazopokezana badala ya flashi moja kubwa.

Hatua ya 2: SAR, kompareta moja inayouliza mara nyingi

Hii ndo iliyopo kwenye karibu kila maikrokontrola unayoijua. Fikiria muuza nyama mwenye mizani ya mawe: anaanza na jiwe kubwa, likizidi analitoa, lisipozidi analiacha, anaweka la nusu yake, anaendelea hivyo mpaka jiwe dogo kabisa. SAR inafanya hivyohivyo kwa volti, na "mawe" yake ni kapasita ndani ya chipu, kila moja nusu ya mwenzake.

Twende na 3.30 yetu. Jaribio la kwanza ni 2.5, signo ni kubwa, biti ni 1. La pili 3.75, limezidi, biti ni 0. La tatu 3.125, halijazidi, 1. Hapo tayari tuna 101, jibu lilelile la flashi yetu, ila limechukua zamu tatu badala ya moja. Endelea: 3.4375 limezidi, 0. Halafu 3.28125 halijazidi, 1. Ukifika biti 10 unapata 1010100011, yaani 675. Rudisha kuwa volti, 675 × 5/1024 ni kama 3.296. Tofauti iliyobaki ni ndogo kuliko ngazi moja ya milivolti 4.88.

Angalia uzuri wake: kuongeza biti moja hakuongezi kompareta hata moja, kunaongeza zamu moja na kapasita. Ndo maana SAR za biti 12 ni za kawaida, za 16 zipo nyingi na za 18 zinapatikana. Kinachobana huko juu ni kwamba kapasita kubwa inatakiwa iwe sawasawa kabisa na jumla ya ndogo zote, ikikosea kidogo tu unapata namba ambazo hazitokei kamwe hata signo ikipita hapo.

Kwenye ATmega328P ya Uno ubadilishaji mmoja ni mipigo 13 ya saa ya ADC. Arduino inaiweka hiyo saa kwenye 125 kHz, kwa hiyo ni maikrosekunde 104, kama sampuli 9600 kwa sekunde. Data shiti inasema ukitaka biti zote 10 saa ibaki kati ya 50 na 200 kHz. Ukihitaji spidi zaidi na unakubali kupoteza usahihi wa biti za chini, mstari huu unaipandisha mpaka 1 MHz:

```cpp
ADCSRA = (ADCSRA & 0xF8) | 0x04;
```

Hapo unakaribia sampuli 76,900 kwa sekunde kwa upande wa chipu yenyewe.

Kitu ambacho SAR haiwezi kuishi bila hicho ni kapasita ya kushika signo. Zamu 10 zote lazima ziulize kuhusu voltiji ileile. Chukua wimbi la 50 Hz linalopanda na kushuka volti 2.5 kutoka katikati: linapopita katikati linakimbia volti 785 kwa sekunde, ndani ya maikrosekunde 104 limeshasogea milivolti 82, ambazo ni ngazi kama 17. Bila kushika, biti za mwanzo zingejibu kuhusu voltiji moja na za mwisho kuhusu nyingine. Kwa hiyo chipu inajaza kapasita ya pikofaradi 14 mwanzoni, inaikata kutoka kwenye pini, halafu inaulizia ile iliyoshikwa.

Na hapohapo ndo penye ugonjwa unaosumbua watu wengi. Chanzo chako kikiwa na risistansi kubwa, kapasita haijai kwa wakati. Utaijua hivi: ukigusa voltiji ya A0, usomaji wa A1 nao unasogea, au ukisoma pini mbili kwa kufuatana ya pili inavutwa kuelekea ya kwanza. Data shiti inataka chanzo cha kilo-om 10 au chini ya hapo. Kama umegawa voltiji kwa risista za kilo-om 100, weka kapasita ya nanofaradi 100 kutoka kwenye pini kwenda graundi kama signo ni ya polepole, au soma mara mbili utupe ya kwanza.

Hatua ya 3: sigma-delta, biti moja ikirudiwa mpaka ukweli ujitokeze

Hapa watu wengi wanapotea kwa hiyo twende taratibu. Ndani kuna saketi ya kujumlisha, kompareta moja, na njia ya kurudisha jibu. Kila mpigo wa saa signo inajumlishwa kwenye kilichopo. Jumla ikifika skeli nzima, inatoka 1 na skeli nzima inaondolewa kwenye jumla. Isipofika, inatoka 0. Kile kisichotolewa hakipotei, kinabaki kusubiri mpigo ujao.

Kwa 3.30 kati ya 5, mapigo kumi ya kwanza yanatoa 0101101101. Kuna 1 sita, 6/10 ya volti 5 ni 3.00, bado ni hovyo. Mapigo 20 yana 1 kumi na tatu, ni 3.25. Mapigo 50 yana thelathini na tatu, ni 3.30 kamili. Jaribu mwenyewe kwa Python:

```python
jumla = moja = 0
for n in range(1, 51):
    jumla += 330
    if jumla >= 500:
        jumla -= 500
        moja += 1
    if n in (10, 20, 50):
        print(n, 5 * moja / n)
```

Umeona biashara inayofanyika hapo: usahihi unanunuliwa kwa muda. Upande wa analogi ni mwepesi, hauna kapasita kumi na kitu zinazotakiwa kulingana, kazi nzito imehamia kwenye filta ya digitali inayohesabu hizo 1 na 0 na kutoa namba moja kubwa. Wazo hili lilichapishwa mwaka 1962 na Wajapani Inose, Yasuda na Murakami, na lilienea baadaye teknolojia ya chipu iliporahisisha hiyo filta.

Lakini kama ingekuwa ni kuhesabu wastani tu, isingetosha. Ukichukua sampuli nyingi za ADC ya kawaida yenye noizi ya kubahatisha ukatafuta wastani, kila ukizidisha idadi mara mbili unapata nusu biti. Sigma-delta, kwa sababu ya ule mzunguko wa kurudisha kosa, inasukuma kosa la kukadiria kwenda kwenye frikwensi za juu, ambako filta inalikata. Ya hatua moja kama hiyo yetu inapata biti moja na nusu kwa kila kuzidisha mara mbili, ya hatua mbili inapata mbili na nusu. Ndo jinsi kompareta moja inavyofikia zaidi ya biti 20.

Bei yake ni kuchelewa. Filta inahitaji kujaa data mpya kabla ya kusema ukweli. HX711, ile chipu ya mizani, inatoa namba 10 au 80 kwa sekunde, na kwenye spidi ya 10 inahitaji milisekunde 400 kutulia ukiiwasha au ukibadilisha chaneli. Kama unataka sensa nane zipokezane kwenye sigma-delta moja, zidisha huo muda kwa nane kabla hujaanza kununua vitu.

Hatua ya 4: mzani wa kilo 50, kwa hesabu

Tunataka mzani wa kilo 50 unaoonesha kila gramu 10. Sensa ni ile ya chuma yenye nyaya nne, imeandikwa 2 mV/V. Maana yake ukiipa 5V, kilo 50 nzima zinatoa milivolti 10. Gramu 10 ni moja ya 5000 ya hapo, yaani maikrovolti 2. Hiyo ndo namba yako ya badiliko dogo. Upande wa spidi, mtu anaweka gunia na anasubiri sekunde moja, kwa hiyo hata sampuli 10 kwa sekunde zinatosha kabisa.

Flashi tumeshaitoa: spidi yake hatuihitaji na ngazi 5000 zingetaka kompareta maelfu.

SAR ya Uno ina ngazi za milivolti 4.88, kwa hiyo kilo 50 nzima ni ngazi mbili tu. Tuweke amplifaya ya kukuza mara 400, milivolti 10 inakuwa volti 4, tunapata ngazi kama 819, kila moja gramu 61. Bado. SAR ya biti 12 kwa mpango huohuo inatoa ngazi kama 3277, gramu 15 kila moja, umekaribia lakini sasa una amplifaya ya mara 400 ambayo inakuza pia noizi na kuhama kwake kwa joto. Ya biti 16 ingefika, ila umeshajenga saketi nzima ya analogi unayotakiwa kuitunza.

HX711 ina amplifaya ya mara 128 humohumo ndani, na skeli yake ni karibu milivolti 20 kila upande ukiipa 5V. Noizi yake kwenye sampuli 10 kwa sekunde ni nanovolti 50 kwa kipimo cha rms. Kutoka juu hadi chini ya mtetemo zidisha kama 6.6, ni nanovolti 330. Gawa milivolti 10 kwa hizo unapata hatua kama 30,000, yaani gramu 1.7 hivi. Inatosha, na inabaki.

Hapo tuongee kuhusu zile biti 24. Ngazi moja ya HX711 ni kama nanovolti 2.3, noizi inacheza 330, kwa hiyo ngazi 142 za chini zinacheza tu bila habari yoyote. Biti zinazotulia kweli ni kama 17. Sio udanganyifu, ni idadi ya biti zinazotoka kwenye filta, lakini usipange mzani wako kwa 24. Na usisahau sensa yenyewe: zile za kawaida zenye kosa la 0.05% ya skeli nzima zinakosea mpaka gramu 25 kwenye kilo 50. Kwa hiyo mzani wako utaonesha kila gramu 10 ukitulia vizuri, lakini kuwa sahihi kwa gramu 10 ni suala la sensa, na kubadilisha ADC hakutakusaidia.

Hatua ya 5: hakikisha kabla hujaamini

Kwa sensa ya kilo 50 ya 2 mV/V na kukuza 128, tegemea namba ghafi ziongezeke kama 86 kwa kila gramu. Hii haitegemei umeme uwe 5V au 4.2V, kwa sababu sensa na kipimo cha HX711 vinakula umeme uleule. Weka kilo 1 unayoiamini: badiliko likiwa karibu 86,000 uko sawa. Ukipata nusu yake, aidha sensa ni ya 1 mV/V au unasoma kwa kukuza 64. Idadi ya mapigo ya saa ndo inachagua: 25 ni 128, 27 ni 64.

Namba ikiganda kwenye 8388607 au -8388608, pembejeo imetoka nje ya skeli, mara nyingi waya mmoja wa sensa umekatika au umeunganishwa kusiko. Ukitaka kupima noizi usiunganishe A+ na A- moja kwa moja na graundi, chipu inataka ziwe walau volti 1.2 juu ya graundi. Acha sensa ikiwa tupu, sehemu isiyo na upepo, kusanya namba 100, toa ndogo kabisa kwenye kubwa kabisa. Mia na kitu mpaka mia mbili ni nzuri. Maelfu yakicheza, angalia nyaya ndefu zisizosokotwa na umeme wa USB wenye noizi.

Sasa geuza kazi. Chukua sensa ya mkondo ujaribu kuona umbo la umeme wa ukutani, huku kwetu 50 Hz. HX711 kwenye 80 inapata sampuli 1.6 kwa kila wimbi, haifiki hata mbili, na kwenye 10 filta yake imewekwa makusudi kuua 50 na 60 Hz, yaani ile signo unayoitafuta ndo inayofutwa. Uno wenye biti 10 tu unapata sampuli 192 kwa kila wimbi, unaona kilele, unaona mkondo ulioharibika umbo kwa sababu ya chaja na taa za LED, na milivolti 4.88 zinatosha. Ukihitaji usahihi zaidi hapo nenda kwenye SAR ya nje kama MCP3208, biti 12, sampuli laki moja kwa sekunde ikipewa 5V, chaneli nane, na bado unaiunganisha kwa nyaya nne za SPI.